Taharuki ya kimaadili: kwa nini kusema "magazeti yametia chumvi" hakutoshi

Habari za magenge ya vijana zikishika kasi, mabishano huwa ni yale yale. Upande mmoja unasema magazeti yanatia chumvi ili yauzwe. Upande wa pili unajibu: wewe hujawahi kuvamiwa, ndiyo maana unasema hivyo. Mwanafunzi wa sosholojia akipewa asaimenti ya kutumia nadharia ya taharuki ya kimaadili kuchambua habari hizo, mara nyingi huingia moja kwa moja upande wa kwanza na kukaa humo. Nimesahihisha kazi za namna hii, na sentensi inayonirudia mbele ya macho ni hii: "Kwa hiyo magenge hayapo, yametungwa na vyombo vya habari." Hapo ndipo alama zinapoanza kudondoka, kwa sababu nadharia yenyewe haisemi hivyo.

Tuanze na maneno. Ukiukaji, kwa lugha ya somo hili, ni tendo au tabia ambayo jamii inaiona imevunja kaida zake. Tia mkazo kwenye "inaiona". Mwanasosholojia wa Marekani, Howard Becker, aliandika mwaka 1963 kwamba ukiukaji haumo ndani ya tendo lenyewe kama chumvi ilivyomo baharini. Unapatikana pale watu wenye nguvu ya kutaja wanapolitaja tendo hivyo na jina likaganda kwa mtendaji. Vijana watano wanaokaa kwenye kona moja kila jioni ni kijiwe kwa mama mmoja wao. Kwa mwenye duka jirani huenda ni wahuni. Kwenye ripoti ya polisi wanaweza kuwa genge. Vijana ni wale wale na kona ni ile ile, ila jina la tatu lina uzito ambao mengine hayana: linafungua faili.

Taharuki ya kimaadili ni hali inayotokea pale kundi, mtu au tukio linapoanza kuonekana kuwa tishio kwa maadili ya jamii nzima, na mwitikio ukawa mkubwa kuliko hatari yenyewe. Neno "kimaadili" halikuwekwa kwa mapambo. Watu wanaohofia mafuriko wana hofu, lakini hawana taharuki ya kimaadili. Hofu hii inabeba lawama: vijana wameharibika, wazazi wameshindwa, zamani haikuwa hivi.

Mfano wa nyumbani unasaidia. Mtu ameona nyoka amejikunja chini ya kabati, akaichoma nyumba moto. Nyoka alikuwepo. Huenda alikuwa na sumu. Lakini ukitaka kueleza jinsi nyumba ilivyogeuka majivu, kumchunguza nyoka hakutakufikisha mbali. Itabidi umchunguze aliyeshika kiberiti, na nani alikuwa anapiga kelele mlangoni. Nadharia ya taharuki inashughulika na kiberiti, na ukimwona mwanafunzi anaitumia kuthibitisha kwamba nyoka hakuwepo, ujue amekosea mlango. Stanley Cohen, aliyeijenga nadharia hii, alilazimika kulisema tena hilo katika utangulizi wa toleo la 2002 la kitabu chake: kuita jambo taharuki ya kimaadili hakumaanishi kwamba jambo hilo halikutokea.

Sasa twende kwenye kisa kilichoizaa nadharia, kwa sababu watu wengi hulitaja jina la Cohen bila kuangalia alichokiona hasa.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1964 huko Clacton, mji mdogo wa ufukweni mashariki mwa Uingereza. Vijana kutoka London walikuwa na mazoea ya kwenda huko sikukuu. Mwaka huo baridi ilikuwa kali, mvua ilinyesha, hakukuwa na la kufanya. Wenye maduka walikuwa na hasira kwa sababu biashara ilidorora, na vijana walikuwa na hasira kwa sababu ilivumishwa kwamba baadhi ya migahawa inakataa kuwahudumia. Vikundi vichache vikaanza kusukumana na kurushiana mawe. Waliokuwa na pikipiki na skuta wakazunguka barabarani kwa makelele. Vioo vikavunjwa, vibanda kadhaa vya ufukweni vikaharibiwa, kijana mmoja akafyatua hewani bastola ya kuanzishia mbio. Polisi wa mji ule hawakuzoea mambo hayo.

Ni fujo, na kwa mwenye duka aliyevunjiwa kioo si jambo la kuchekea. Ila gharama ya uharibifu wote, kwa makadirio aliyoyakusanya Cohen, ilizidi kidogo tu pauni 500. Na alipofuatilia mahakamani sikukuu za mwaka huo, katika Clacton na miji mingine ya pwani, alikuta kosa la kawaida halikuwa kupiga mtu wala kuharibu mali. Lilikuwa kuonyesha tabia ya vitisho.

Kesho yake magazeti ya kitaifa yaliweka habari hiyo ukurasa wa mbele. Vichwa vya habari vilizungumzia siku ya hofu kuu, vikazungumzia wakali waliouvamia ufukwe, na watu 97 kukamatwa. Vikundi viwili vya mitindo ya mavazi, Mods na Rockers, vikageuzwa majeshi mawili yanayopigana vita. Kabla ya hapo, wengi wa vijana hao hawakuwa wamejigawa kwa ukali kiasi hicho.

Cohen aliiita kazi hii ya kwanza ya vyombo vya habari "orodha", kama mtu anayehesabu mali baada ya gharika, akaona ina sehemu tatu. Hizi tatu ndizo zana zako hasa katika asaimenti, kwa hiyo nitazikalia kidogo.

Ya kwanza ni kukuza na kupotosha. Wengi hudhani maana yake ni uongo. Mara nyingi sivyo, na hapo ndipo utamu wa uchambuzi ulipo. Gazeti moja lilieleza kwamba madirisha ya kumbi zote za dansi karibu na ufukwe yalivunjwa. Ilikuwa kweli. Mji uliohusika ulikuwa na ukumbi mmoja tu wa dansi karibu na ufukwe, na baadhi ya madirisha yake yalivunjwa. Hakuna neno la uongo pale. Wingi wa kisarufi ndio uliofanya kazi. Kisa kingine kilitoka Margate, mji mwingine wa pwani, kwenye fujo zilizofuata mwezi Mei mwaka huo huo. Kijana aliyetozwa faini ya pauni 75 alimjibu hakimu kwamba atalipa kwa hundi. Magazeti yaliishika kauli hiyo na kuirudia kama ushahidi kwamba hawa ni watoto waliolewa pesa, wasiojali faini. Kijana yule hakuwa na akaunti ya benki, wala hakuwahi kuandika hundi maishani mwake. Alikuwa anajitutumua mbele ya wenzake. Maelezo hayo yalitoka baadaye, na hayakusambaa kama kauli yenyewe ilivyosambaa.

Ya pili ni utabiri. Habari inaisha kwa kusema, waziwazi au kwa kuficha, kwamba haya yatatokea tena na yatakuwa mabaya zaidi. Waswahili wana methali inayoeleza nguvu ya sehemu hii kuliko kitabu chochote: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukitangaza kwamba sikukuu ijayo kutakuwa na vita ufukweni, polisi watajaa ufukweni, waandishi watajaa na kamera zao, na vijana ambao wasingekwenda watakwenda kuangalia. Mtu mmoja akirusha jiwe mbele ya umati ule, utabiri umetimia. Na hata kisipotokea kitu, kichwa cha habari kitasema hakukuwa na vurugu, na neno "vurugu" litakuwa limeandikwa tena kwa herufi kubwa.

Ya tatu ni kugeuza vitu kuwa alama, na hatua zake ni za polepole. Kwanza jina, tuseme Mod, linageuka kuwa na maana ya mhalifu. Kisha vitu vinavyoambatana na jina, yaani mtindo wa nywele, koti, skuta, vinageuka kuwa dalili ya jina. Mwisho vitu hivyo vinasimama peke yao: ukimwona kijana na skuta, umemwona mhalifu. Katika habari za magenge ya leo tafuta kitu kinachofanya kazi ya skuta. Huenda ni chale, rangi fulani ya nguo, kofia, aina ya muziki, au jina la mtaa. Samaki mmoja akioza wote wameoza, wanasema. Hii sehemu ya tatu inaeleza jinsi tenga zima linavyopewa harufu ya samaki mmoja.

Kundi likishapita hatua hizo, linakuwa kile ambacho Cohen alikiita mashetani wa jamii: watu ambao wengine wote wanawatazama ili wajue wasichopaswa kuwa. Hapo wanajitokeza wasemaji, akiwemo hakimu, kiongozi wa dini, mbunge, mtaalamu wa malezi, na kila mmoja anatambua ugonjwa na kuandika dawa yake. Becker alikuwa na jina la watu hawa, wajasiriamali wa maadili, na ni jina zuri kwa sababu linakumbusha kwamba katika taharuki kuna wenye faida. Si lazima iwe faida ya pesa. Inaweza kuwa kura, bajeti, heshima, au kusikilizwa tu.

Kuna utafiti mmoja kuhusu magenge hasa ambao ningependa kila mwenye asaimenti hii aufahamu, kwa sababu unaonyesha jinsi kazi inavyofanywa hadi mwisho. Marjorie Zatz alichapisha mwaka 1987 uchunguzi wake kuhusu Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Huko kulikuwa na kilio kikubwa kuhusu magenge ya vijana wenye asili ya Meksiko. Zatz hakuishia kwenye magazeti. Aliyasoma, akawahoji watu, kisha akaenda kwenye kumbukumbu za mahakama ya watoto na kulinganisha vijana ambao polisi waliwaweka kwenye orodha ya wanachama wa magenge na vijana wengine waliofika mahakama hiyo hiyo. Picha ya magazetini ilikuwa ya tishio kwa mji mzima. Picha ya mahakamani ilikuwa ya vijana wenye ugomvi wa kawaida, mara nyingi baina yao wenyewe, ambao haukuwa hatari kubwa kwa watu walio nje ya magenge. Na kitengo cha polisi kilichoshughulikia magenge, ambacho ndicho kilikuwa chanzo kikuu cha takwimu kwa waandishi, kilikuwa kinatafuta fedha za serikali ya shirikisho. Kwa maneno mengine, aliyehesabu nyoka ndiye aliyekuwa anauza fimbo.

Tazama alichokifanya: aliweka hesabu mbili mezani. Moja ya kelele, nyingine ya jambo lenyewe. Wanafunzi wengi huleta ya kwanza tu. Wanakusanya vichwa vya habari 20 vya kutisha, wanavipanga, kisha wanaandika kwamba mwitikio umezidi kiasi. Umezidi kiasi gani? Erich Goode na Nachman Ben-Yehuda, walioipanga nadharia upya mwaka 1994, walitoa vigezo vitano: kuwe na wasiwasi unaoonekana, uadui dhidi ya kundi fulani, makubaliano mapana kwamba kundi hilo ni tishio, mwitikio uliozidi hatari, na hali ya kuibuka na kuzimika haraka. Vinne unaweza kuvionyesha kwa magazeti, hotuba na kalenda. Kile cha nne, cha kuzidi hatari, kinahitaji ushahidi kutoka nje ya magazeti, na hicho ndicho kinachobeba hoja nzima. P. A. J. Waddington aliwabana watafiti wa taharuki kwa swali hili mwaka 1986: kama hamna kipimo cha mwitikio unaofaa, mnajuaje kwamba huu umezidi? Ukilikwepa swali hilo, neno "taharuki" linabaki kuwa njia ya kisomi ya kusema kwamba hofu za watu wengine hazikupendezi.

Kwenye kazi ya mwanafunzi hii inafanyika bila bajeti kubwa. Chagua gazeti moja na kipindi kifupi chenye mwanzo unaojulikana, kwa mfano wiki sita kabla ya tukio lililozua gumzo na wiki sita baada yake. Hesabu habari za magenge kila wiki. Kisha tafuta takwimu za makosa husika kwa miezi hiyo hiyo. Habari zikipanda mara nne na matukio yakabaki yalipokuwa, una kitu mkononi. Matukio nayo yakipanda, sema hivyo bila kuona haya; huenda unachoangalia si taharuki, na kazi inayofikia jibu hilo kwa ushahidi ni bora kuliko ile iliyolazimisha jina.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Idadi ya waliokamatwa si idadi ya uhalifu. Taharuki ikipanda, polisi hufanya misako, na misako huleta waliokamatwa, wengine kwa uzururaji tu. Wiki inayofuata idadi ile inarudi gazetini kama uthibitisho kwamba tatizo limekua. Ukiitumia kama kipimo chako cha hatari, umeipima taharuki kwa taharuki. Afadhali utafute takwimu ambazo msako hauzigusi sana, kama majeruhi waliofika hospitali kwa mashambulizi, au malalamiko ya wananchi wenyewe.

Na unapoisoma habari moja moja, isome kwa ukaribu. Chukua sentensi kama hii, niliyoitunga mimi kwa mfano: "Kundi la vijana zaidi ya 50 wakiwa na silaha za jadi limevamia eneo hilo, huku wananchi wakiishi kwa hofu." Nani aliwahesabu hao 50, usiku, huku akikimbia? "Kundi" ni kundi kwa sababu walikuja pamoja, au kwa sababu walikuwa barabara moja? Silaha walikuwa nazo wote, au watatu? "Wananchi" ni wangapi waliohojiwa? Na vijana hao je, si wananchi? Swali hilo la mwisho halihitaji takwimu yoyote, na mara nyingi ndilo linaloonyesha mpaka umechorwa wapi: neno moja limewatoa nje ya jamii kabla kesi haijasikilizwa.

Nadharia hii ina mipaka, na mwalimu atafurahi ukiitaja mapema badala ya kuibandika mwishoni kama stempu. Cohen aliandika wakati wa magazeti machache na televisheni chache, ambapo kijana aliyeitwa shetani hakuwa na pa kujibia. Angela McRobbie na Sarah Thornton walionyesha mwaka 1995 kwamba hali imebadilika: mashetani wana watetezi, wana vyombo vyao, na wakati mwingine wanaitaka taharuki kwa sababu inawapa jina. Leo genge linaweza kurusha video yake lenyewe, limeshika mapanga, likatafuta sifa hiyo hiyo ambayo gazeti linadhani limeifichua. Hapo mstari wa "vyombo vya habari vimewabandika jina" haunyooki. Kigezo cha makubaliano nacho hulegea, kwa sababu mitandaoni kila habari ya genge ina maoni yanayopingana chini yake.

Hali kadhalika, usimsahau aliyeumizwa. Mtu aliyekatwa panga hana cha kujadili kuhusu kiasi cha mwitikio, na kazi inayomchukulia kama sehemu ya propaganda ya magazeti inasomeka vibaya, na inakosea pia kinadharia, maana nyoka tulishakubali kwamba yupo.

Kigezo cha tano, cha kuzimika haraka, ndicho wanafunzi hukipitia kwa mstari mmoja: "hatimaye taharuki iliisha." Kelele huisha kweli. Kuhusu Mods na Rockers, kufikia mwaka 1967 magazeti yalikuwa yamehamia kwa vijana wengine wenye nywele ndefu zaidi. Lakini katikati ya zile kelele, ndani ya miezi michache tu baada ya Pasaka ile ya Clacton, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uharibifu wa Mali kwa Makusudi ya mwaka 1964, iliyowapa mahakimu uwezo wa kutoza faini kubwa zaidi. Skuta zilipotoweka ufukweni, sheria haikuondoka nazo. Kwa hiyo ukifika kwenye kigezo hiki, usiandike tarehe ambayo habari zilikoma. Tafuta kilichoundwa habari zikiwa moto, kiwe kikosi, kifungu cha sheria, orodha ya majina au bajeti, halafu angalia kama bado kipo na kinatumika kwa nani.